Hisa zilizoanguka wiki hii: faida ya karatasini huenda wapi?

Wateja wengi wa Kampala hutuletea jaribio la aina moja: kila Ijumaa chukua hisa 500 kubwa za Marekani, zipange kwa mabadiliko ya bei ya siku tano, nunua zilizoanguka zaidi, uza Ijumaa inayofuata. Kwenye kompyuta, kwa bei za zamani, faida inapanda vizuri. Kwenye akaunti, pesa zinapungua.

Wazo lenyewe lina msingi. Anayeuza kwa haraka huikandamiza bei, na anayenunua kwake hulipwa bei ikirudi. Lakini malipo hayo ni madogo.

Kagua kwanza bei za jaribio. Tuseme mnunuzi anatoa dola 20.00 na muuzaji anataka 20.04. Oda ya mwisho ya Ijumaa ikiwa ya kuuza, bei ya kufunga ni 20.00, na hisa inaonekana imeanguka. Wiki ijayo ifunge kwa 20.04, jaribio litaandika faida ya 0.2% ilhali thamani haijasogea hata kidogo. Dawa ni kuruka siku moja: pima hadi Alhamisi, nunua Ijumaa. Faida ikiyeyuka, huenda ulikuwa unavuna tu mwanya wa bei, yaani tofauti kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji.

Sasa gharama. Chukua faida ghafi ya 0.30% kwa wiki, kwa mfano tu, si ahadi. Ukibadilisha kapu lote kila wiki, mzunguko ni 1.0, na unalipa mara mbili, kununua na kuuza. Hesabu ni hii:

```
gharama_ya_kikomo = faida_ghafi / (2 * mzunguko)
0.30% / (2 * 1.0) = 0.15%
```

Gharama ikizidi 0.15% kwa kila oda, umemfanyia kazi dalali. Kamisheni ya dola 1 kwa oda ya dola 200 ni 0.5%, kabla hata ya mwanya wa bei. Ili iwe 0.05% unahitaji oda ya dola 2,000. Kwa hisa 20 hiyo ni dola 40,000.

Kurefusha muda wa kushika hisa hadi siku kumi za soko hupunguza gharama ya wiki kwa nusu, ila faida haiongezeki maradufu, maana sehemu kubwa ya mrejeo wa bei huja siku za mwanzo. Sisi hupendelea kuuza hisa pale tu inapopanda hadi nusu ya juu ya orodha. Mzunguko ukishuka hadi 0.5 na faida ghafi ikawa 0.24%, kikomo kinakuwa 0.24% badala ya 0.15%.

Hisa iliyoanguka siku ya kutangaza hesabu za kampuni iondoe. Habari mbaya za kweli mara nyingi huendelea kuishusha bei.

Na hapa kwenye Soko la Hisa la Uganda? Hapana. Kuna hisa zinazopitisha siku kadhaa bila kuuzwa hata moja, na bei ya zamani iliyoganda huwezi kuipanga kwenye orodha ya wiki.