Ukiacha kulipia king'amuzi Ujerumani, deni haliachi kukua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji, hasa wazazi wenye watoto wanaosoma Ujerumani na vijana wanaojiandaa kurudi nyumbani, kuhusu mikataba ya televisheni ya kulipia. Nimeishi Hamburg miaka mingi, na kila muhula unapokwisha nawasikia Watanzania walioondoka hapa wakifuatwa na madai ya king'amuzi walichodhani wameshaachana nacho. Wengi ni watu waangalifu, hawana tabia ya kukimbia madeni. Wanaponzwa na mazoea tuliyokulia nayo.

Kwetu king'amuzi ni malipo ya kabla. Unalipia kifurushi cha mwezi, mwezi ukiisha usipolipia picha inakatika, na hakuna anayekudai. Ukihama Dar es Salaam kwenda Mbeya unafungasha king'amuzi na dishi lako, ukifika unamwita fundi alielekeze upya, na ukiamua kupumzika miezi mitatu ni shauri lako. Ujerumani unasaini mkataba wa muda maalumu, ambao kisheria unaweza kufika miezi 24, na unaipa kampuni idhini ya kukata fedha kwenye akaunti yako ya benki kila mwezi. Kuifuta idhini hiyo hakuvunji mkataba. Kunazuia malipo tu, na kila mwezi usiolipwa unaandikwa kuwa deni.

Mtoto wa dada yangu alisaini mkataba wa namna hiyo ulioanza tarehe 1 Septemba 2024, miezi 24, euro 30 kwa mwezi, ili aone mpira. Mwishoni mwa Septemba 2025 alimaliza masomo akarudi Tanga. Wiki ya mwisho alifunga akaunti ya benki, akarudisha funguo za chumba, akakiacha king'amuzi chini ya televisheni kwa mpangaji aliyefuata. Mkataba ulikuwa umebakiza miezi 11, yaani euro 330. Kampuni ilipojaribu kukata fedha ya Oktoba ikakuta akaunti imefungwa, ikaongeza gharama ya malipo yaliyorudi, kisha barua za kukumbusha, kisha jalada likapelekwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, ambayo nayo ilidai gharama zake pamoja na bei ya king'amuzi ambacho hakikurudishwa. Barua zote zilikwenda kwenye chumba alichokwishahama. Nilipoletewa barua hizo na rafiki yake, dai lilikuwa limepita euro 450. Nikampigia simu, akanijibu kwa mshangao wa kweli: "Mjomba, mbona mimi niliacha kulipa zamani?"

Jibu lake ndilo limenifanya niandike barua hii.

Watu wengi huamini kwamba ukihama, mkataba unajifuta wenyewe, au kwamba kuhama ni sababu tosha ya kuuvunja. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua kesi ya mteja wa intaneti aliyehamia mahali ambako huduma yake haikufika. Ikasema kuhama ni uamuzi wa mteja, na athari zake azibebe mwenyewe. Bunge lililegeza jambo hilo mwaka 2012 kwa huduma za mawasiliano, na sheria ya mawasiliano inayotumika tangu tarehe 1 Desemba 2021, kifungu cha 60, inasema kwamba kampuni isipoweza kukupa huduma ile ile kwenye makazi mapya, unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Lakini kifungu hicho kinahusu mawasiliano, kama intaneti na simu. Kampuni inayokuuzia vipindi vya televisheni kupitia setilaiti haiguswi nacho, na picha yake inapatikana Hamburg sawasawa na Munich. Kwa hiyo anayehama mji ndani ya Ujerumani kwa kawaida huhama na mkataba wake. Hata mwenye nyumba mpya akikataza dishi ukutani, hasara hiyo kwa kawaida ni yako.

Kuondoka nchini ni jambo tofauti kidogo. Haki za matangazo huuzwa nchi kwa nchi, kwa hiyo kampuni haiwezi kukuonyesha vipindi vyake ukiwa Tanga, na yenyewe inalijua hilo. Mara nyingi itakubali kukuachia mapema ukithibitisha kwamba umehama kweli. Hiyo lakini ni hisani ya kampuni. Ikikataa, huna kifungu cha wazi cha kuibana nacho. Ndiyo maana ombi hilo lipelekwe mapema, kwa maandishi na kwa adabu, kabla deni halijazaliwa.

Kuna jambo moja la ratiba linalowasumbua wengi. Ushahidi unaotakiwa ni cheti cha ofisi ya manispaa kwamba umefuta usajili wa makazi yako. Sheria inakutaka ufanye hivyo ndani ya wiki mbili baada ya kuhama, na hairuhusu kufanya mapema zaidi ya wiki moja kabla. Kijana anayekwenda ofisini mwezi mmoja kabla ya safari atarudishwa, na akisubiri cheti ndipo aandikie kampuni, atakuwa anaandika huku masanduku yameshafungwa. Njia iliyo salama ni kuandika miezi miwili au mitatu kabla, ukiambatanisha ulicho nacho, kwa mfano tiketi ya ndege au notisi ya kuacha chumba, na kusema kwamba cheti kitafuata. Kikitoka, kitume siku hiyo hiyo.

Namna ya kuandika ina uzito wake. Tangu tarehe 1 Julai 2022 kampuni inayouza mikataba ya aina hii mtandaoni inalazimika kuweka kwenye tovuti yake kitufe cha kuvunjia mkataba, kilichoandikwa kwa Kijerumani maneno yenye maana ya "vunja mikataba hapa":

```
Verträge hier kündigen
```

Ukikibofya utajaza jina, namba ya mkataba, tarehe unayotaka uishe, na kama unauvunja kwa kawaida au kwa sababu maalumu. Chagua sababu maalumu, andika kwamba unahamia Tanzania moja kwa moja, kisha ongeza sentensi inayosema kwamba kama sababu hiyo haitakubaliwa, basi mkataba uvunjwe kwa tarehe ya karibu zaidi inayowezekana. Sentensi hiyo ndiyo kinga yako. Bila hiyo, kampuni inaweza kukataa ombi lako la kuondoka mapema, na wewe ukabaki hujawahi kutoa notisi yoyote, ukadhani kukataliwa kumemaliza mambo. Baada ya kuthibitisha, kampuni inatakiwa kukutumia mara moja uthibitisho kwa barua pepe. Usipouona, angalia kwenye barua taka, na usipokuwapo piga picha ya skrini na utume tena kwa barua ya rejesta.

Kuhusu tarehe, mikataba iliyosainiwa kuanzia tarehe 1 Machi 2022 ina nafuu. Muda wa kwanza ukishapita, kampuni haiwezi kukufunga kwa mwaka mwingine kama zamani. Mkataba unaendelea bila kikomo na unaweza kuuvunja kwa notisi isiyozidi mwezi mmoja. Kwa hiyo mwanafunzi ambaye miezi yake 24 imeshapita hana haja ya kubembeleza wala kupeleka tiketi. Na kwa anayesaini leo, ushauri wangu ni huu: toa notisi ya kuvunja mara tu baada ya kusaini, kwa tarehe ya mwisho wa muda wa kwanza. Sheria inaruhusu, huduma inaendelea hadi siku hiyo, na hutahitaji kuikumbuka tena wakati wa mitihani. Ambaye masomo yake yamebakiza mwaka mmoja asikubali miezi 24 hata akipewa punguzo, atafute kifurushi cha kulipia mwezi kwa mwezi.

King'amuzi chenyewe kwa kawaida ni cha kuazimwa, pamoja na kadi yake. Mkataba ukiisha unapewa muda wa kukirudisha, na muda huo umeandikwa kwenye masharti. Piga picha ya namba iliyo nyuma ya king'amuzi na ya kadi, tuma kwa posta, na utunze stakabadhi yenye namba ya kufuatilia kifurushi. Kwa mpwa wangu tulibahatika. Mpangaji aliyefuata alikuwa bado anacho, nikakituma, nikapeleka nakala ya stakabadhi, na dai la bei ya king'amuzi likafutwa. Cheti cha kufuta makazi nacho kiliifanya kampuni isitishe mkataba kuanzia siku ilipokipokea, lakini miezi ya nyuma na gharama za wakusanyaji tulilipa. Angekituma Septemba, tusingelipa hata moja ya hizo.

Akaunti ya benki iwe ya mwisho kufungwa, baada ya ankara ya mwisho kukatwa. Na kampuni ipewe anwani ya mtu unayemwamini aliyebaki Ujerumani, kwa sababu madai yakifika mahakamani, amri ya malipo inapingwa ndani ya wiki mbili tu tangu ilipokabidhiwa.

Kuna pia ada ya utangazaji wa umma, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, ambayo watu huichanganya na king'amuzi. Hiyo unadaiwa hata kama huna televisheni, na kuvunja mkataba wa kampuni hakuigusi. Ina fomu yake ya kujiondoa, nayo inaangalia mwezi uliotoa taarifa. Ukiondoka Septemba ukaja kuwaarifu Desemba, miezi ya katikati inaweza kuhesabiwa.

Kwa walioko nyumbani tayari wenye barua ya kukusanya madeni mkononi: msikae kimya, na msilipe kiasi chote kwa hofu. Andikeni mkiomba mchanganuo wa kila senti na nakala ya mkataba. Kisha mpelekeeni ndugu au rafiki aliyebaki huku, aende nazo kwenye kituo cha ushauri wa walaji. Kila jimbo la Ujerumani lina vituo hivyo, na gharama yake ni ndogo kuliko dai lenyewe.

Ombi langu ni kwa vyama vya Watanzania katika miji ya Ujerumani na kwa ubalozi wetu Berlin. Mnapowapa wanafunzi maelekezo ya kurudi nyumbani huwa mnataja pasi, mizigo na vyeti. Ongezeni mstari wa mikataba, na muuweke miezi mitatu kabla ya safari.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtanzania, Hamburg