Barua kwa Neema: sauti za darasa la kwanza

Kirumba, Mwanza

Mpendwa Neema,

Shikamoo ya mama nimeifikisha, naye anakusalimu sana. Poleni na mvua huko Magu.

Umeniuliza, baada ya irabu uanze na konsonanti ipi. Mimi huanza na m, kisha l, s, t. Usifuate mpangilio wa alfabeti. M, l na s mtoto anaweza kuzivuta mdomoni: mmmm, bila kukata pumzi, hadi akutane na a. Ukianza na b au k, sauti inakatika, naye anaongeza irabu isiyokuwepo. Ndiyo maana usimfundishe kutamka “mu” anapoiona m. Atasoma “mu-a”, na “ma” haitapatikana.

Kwa herufi hizo nne tu wana maneno ya kweli: mama, lala, sema, moto, hata sato wanayemwona mwaloni kila siku. Sangara asubiri, maana ng ni somo la baadaye. Mlima pia usubiri, kwa kuwa m yake haina irabu. R iweke mbali kabisa na l. Watoto wetu wengi nyumbani wanasema Kisukuma, na r inawasumbua. Ukizileta pamoja watazichanganya masikioni kabla hata ya machoni. B na d nazo zitenganishe kwa wiki kadhaa, kwa sababu ya umbo.

Kuunganisha, andika s na a ubaoni zikiwa zimeachana. Pitisha kidole taratibu chini yake huku darasa likivuta: sssaaa. Rudia haraka: sa. Fanya vivyo hivyo kwa la, kisha soma zote mbili: sa, la, sala.

Tahadhari na kiitikio. Darasa zima litaimba “sa se si so su” vizuri mno hata mkaguzi akafurahi. Mwoneshe mtoto mmoja “si” peke yake: ukiona midomo inachezacheza ikianzia “sa” hadi ifike, ujue amekariri wimbo, hajasoma.

Kwa hiyo pima kila siku. Una watoto 60. Wengine wakinakili, ita 12 mezani, nusu dakika kila mmoja, na kwa wiki umewamaliza wote. Kata kadi za maboksi: sauti tatu, silabi mbili zilizovurugwa, na neno moja ambalo hujawahi kuliandika ubaoni. Akikosea, usiweke mkasi tu daftarini, andika alichosema. Juma akisoma “tosa” badala ya sato, silabi anazijua, ila haanzii kushoto. Huyo muoneshe kidole kianzie wapi. Akisema “sa… mama”, anabahatisha, mrudishe kwenye t na o.

Ijumaa, zaidi ya robo wakikwama kwenye sauti ileile, Jumatatu usilete mpya. Mwalimu mkuu akikuuliza kwa nini uko nyuma ya azimio la kazi, mwoneshe daftari.

Ukija mjini mwisho wa mwezi pitia kwangu, nina kadi za s na t za ziada.

Wako,
Rehema