PDF inafunguka kubwa mno au ndogo mno: tazama kwanza asilimia

Wateja wengi tunaowaandalia hati hutuletea lalamiko lilelile kwa maneno tofauti. Mmoja anasema herufi zimejaa skrini nzima na lazima asogeze kila mistari michache. Mwingine anasema ukurasa umekaa katikati ya dirisha ukiwa mdogo kiasi kwamba hausomeki. Faili laweza kuwa ni hilohilo moja. Kabla ya kuomba litengenezwe upya, tazama namba ya asilimia iliyo kwenye upau wa juu wa programu yako ya kusomea, kwa sababu namba hiyo ndiyo itakayokuonyesha tatizo liko kwenye programu, kwenye faili au kwenye ukurasa wenyewe.

Ukurasa wa PDF una kipimo chake cha kudumu, kinachohesabiwa kwa pointi, na pointi 72 ni inchi moja. A4, ambayo ni milimita 210 kwa 297, huandikwa ndani ya faili kama pointi 595 kwa 842. Programu huchukua kipimo hicho na kukigeuza kuwa pikseli za skrini. Programu nyingi kwenye kompyuta huhesabu pikseli 96 kwa kila inchi, kwa hiyo A4 kwa asilimia 100 huchukua pikseli 794 kwa upana na 1123 kwa urefu. Namna zote za kukuza zinaanzia hapo.

Chukua skrini ya kawaida ya pikseli 1920 kwa 1080. Ukitoa upau wa juu na ukingo wa kusogezea, tuseme imebaki nafasi ya pikseli 1880 kwa 900. Ukichagua `Fit Width`, programu inagawa upana wa nafasi kwa upana wa ukurasa: 1880 kwa 794 ni karibu asilimia 237. Upana umeenea vizuri, lakini urefu wa ukurasa sasa umefika pikseli 2660 hivi, nawe unaona theluthi moja tu. Hapa ndipo wengi husema faili limefunguka kubwa mno. Faili ni zima kabisa, ila dirisha lako ni pana na ukurasa umesimama wima.

Ukichagua `Fit Page`, hesabu inabadilika. Programu inapima upana na urefu, kisha inafuata ule unaobana zaidi ili ukurasa wote uonekane. Kwenye skrini hiyohiyo urefu ndio unaobana: 900 kwa 1123 ni asilimia 80. Herufi za pointi 11 zinaonekana kama za pointi 8.8. Ni namna nzuri ya kukagua mpangilio, sahihi iko wapi na jedwali limekatika wapi, lakini kwa kusoma kurasa 40 itakuchosha macho. Ukurasa huohuo ukiwa umelala, `Fit Width` inatoa asilimia 167 na `Fit Page` 113, tofauti ndogo zaidi. Ndiyo maana hati za maonyesho, ambazo kurasa zake hulala, mara chache huleta lalamiko hili.

Kwenye simu mambo hugeuka: dirisha ni jembamba, kwa hiyo upana ndio unaobana, na namna hizi mbili hukaribiana sana. Mtu aliyetumiwa faili kwenye simu akaliona sawa anaweza kushangaa mwenzake wa kompyuta analalamika nini.

Namna ya tatu ni asilimia iliyofungwa, kama 75, 100 au 150. Tofauti yake na zile mbili ni kwamba haijali dirisha. Ukipunguza dirisha hadi nusu ya skrini, `Fit Width` inahesabu upya na ukurasa unajibana. Asilimia 150 inabaki 150 na upande wa kulia wa mistari unapotea nje ya dirisha. Ikiwa kila ukibadilisha ukubwa wa dirisha namba ile ya juu inabadilika yenyewe, uko kwenye `Fit`. Ikiwa haibadiliki, uko kwenye asilimia iliyofungwa.

Na usiamini sana jina `Actual Size`. Skrini ya inchi 14 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli kama 157 kwa inchi, si 96. Programu ikihesabu kwa 96, nawe hujaweka ukuzaji wowote kwenye mfumo wa kompyuta, A4 ya asilimia 100 itakuwa na upana wa sentimita 12.8 hivi badala ya 21. Weka rula juu ya skrini uone. Kwenye Acrobat hurekebishwa kwa kufungua `Preferences` kwa Ctrl+K, kisha `Page Display`, kisha `Custom resolution`, unaandika idadi halisi ya pikseli kwa inchi. Kwa kusoma tu hakuna haja. Kwa anayepima mchoro kwenye skrini haja ipo.

Sasa, nani anaamua namna ipi itumike faili linapofunguliwa? Kuna sauti tatu. Kwanza ni mpangilio wako wa kawaida: kwenye Acrobat ni `Preferences`, `Page Display`, halafu `Zoom` chini ya `Default Layout and Zoom`. Pili ni amri iliyoandikwa ndani ya faili na aliyelitengeneza. Ukiweza kuchungulia ndani utakuta mstari wa namna hii:

```
/OpenAction [3 0 R /XYZ null null 0.75]
```

Maana yake: fungua ukurasa huu kwa asilimia 75. Pangekuwa na `/Fit`, lingefunguka ukurasa mzima. `/FitH`, kwa upana. Pakiwa na sifuri au `null` mahali pa 0.75, faili halilazimishi kitu na mpangilio wako unabaki. Kwa kawaida amri ya faili hushinda mpangilio wako, na hii ndiyo sababu faili moja hukataa kutii wakati mengine yote yanafunguka utakavyo. Sauti ya tatu ni kumbukumbu: programu ikiwa imewekwa kukumbuka mahali ulipoachia, itarudisha na ukuzaji wa mara ya mwisho. Kwenye Acrobat ni kisanduku cha `Restore last view settings when reopening documents` chini ya `Documents`.

Ukitaka neno lako liwe la mwisho kwenye Acrobat, nenda `Preferences`, `Accessibility`, tia alama `Always use Zoom Setting` na uchague `Fit Width`. Hapo hata faili lenye amri yake halitakushinda. Kwenye Firefox, andika `about:config` kwenye sehemu ya anwani, tafuta `pdfjs.defaultZoomValue` na uweke `page-width` au `page-fit`. Isipowekwa kitu, Firefox hutumia `Automatic Zoom`, ambayo kwa kurasa zilizosimama ni upana wa dirisha lakini bila kuvuka asilimia 125. Kwa maoni yetu hicho ndicho kipimo chenye busara kuliko vyote kwa skrini pana. Kwa mabadiliko ya mara moja, Acrobat ina njia za kibodi: Ctrl+0 ukurasa mzima, Ctrl+1 asilimia 100, Ctrl+2 upana. Ctrl+3 hukuza maandishi yenyewe na kuacha pambizo nyeupe nje, inafaa sana kwa hati zenye pambizo pana.

Mpaka hapa tumezungumzia faili zima. Lipo kosa jingine ambalo mipangilio hii yote hulificha, nalo hutokea zaidi kwenye hati zilizoskaniwa au kupigwa picha. Picha ya A4 iliyoskaniwa kwa vitone 300 kwa inchi ina pikseli 2480 kwa 3508. Programu ya kugeuza picha kuwa PDF ikipuuza ile 300 na kuhesabu 72, inatengeneza ukurasa wa pointi 2480 kwa 3508. Huo ni upana wa sentimita 87.5 na urefu wa karibu sentimita 124, bango la ukutani. Ukilifungua kwa asilimia 100 utaona kipande cha kichwa cha barua tu. Ukibonyeza `Fit Width` linakaa sawa kabisa na hati nyingine yoyote, na unadhani limepona.

Lakini tazama asilimia. Kwenye dirisha letu la pikseli 1880, A4 halali ilisoma 237. Bango hili litasoma 57. Picha machoni ni ileile, namba ni tofauti zaidi ya mara nne, yaani 300 kwa 72. Hakikisha kwa Ctrl+D kwenye Acrobat, ambapo `Page Size` inaonyeshwa, au `Document Properties` kwenye Firefox. Ukikuta vipimo visivyofanana na karatasi yoyote unayoijua, umeipata sababu.

Kosa hili huumiza zaidi wakati wa kuchapisha. Ukichagua `Actual size` kwenye dirisha la kuchapishia, printa inatoa kipande kidogo cha ukurasa. Chagua `Fit` au `Shrink oversized pages` na karatasi itatoka sawa, ila faili lenyewe bado lina kasoro na litamsumbua kila utakayemtumia. Dawa ya kudumu ni kurudi kwenye picha na kutengeneza PDF upya ukitaja kipimo cha karatasi:

```
img2pdf --pagesize A4 picha.jpg -o hati.pdf
```

Kama picha ya asili haipo, fungua PDF, chagua kuichapisha kuwa PDF mpya kwenye A4 kwa `Fit`. Hati ya picha tupu haipotezi kitu kikubwa, lakini hati yenye viungo na alamisho itavipoteza, kwa hiyo tunza nakala ya kwanza.

Kuna dalili moja ya mwisho inayochanganya: faili linafunguka vizuri, lakini kila ukibofya alamisho pembeni ukurasa unaruka hadi asilimia nyingine. Kila alamisho hubeba ukuzaji wake, ule uliokuwa kwenye skrini ya mtengenezaji wakati wa kuiweka. Hurekebishwa kwa kuipa `Inherit Zoom`, nayo inahitaji Acrobat kamili, si ile ya kusomea bure.

Mafaili tunayoyaandaa sisi hutoka na kurasa za kipimo sahihi cha karatasi, alamisho zote zikiwa na `Inherit Zoom`, na ufunguzi ukiachwa kwenye `Default` ili mpangilio wa msomaji ufuatwe. Ukitaka hati yako ifunguke kwa namna maalumu, kwa mfano ukurasa mzima kwa ajili ya jalada, tuambie kabla hatujaifunga. Unapotuletea lalamiko, tutumie namba tatu tu: asilimia unayoiona ukiwa kwenye `Fit Width`, `Page Size` ya ukurasa wenye tatizo, na pikseli za skrini yako.