Mkopo usio na riba kwa mfanyakazi: kodi huhesabiwa kwenye salio

Mara nyingi mfanyakazi akija ofisini kwetu na hati yake ya mshahara, kidole huwa juu ya mstari mmoja: manufaa ya mkopo. Swali lake ni la haki kabisa. Mwajiri amemkopesha bila riba, kila mwezi anarejesha, sasa kodi hii inatoka wapi wakati hakuna hela aliyoongezewa?

Inatoka kwenye riba ambayo hakulipa. Angekopa kwingine angetozwa riba ya soko, na mwajiri amemwepusha na gharama hiyo. Sheria nyingi za kodi huhesabu nafuu hiyo kama sehemu ya malipo ya kazi. Kinachotozwa kodi si mkopo wenyewe, maana huo ni deni na atalirudisha. Ni tofauti kati ya riba ya soko na riba anayolipa kweli. Riba ya soko nayo haichaguliwi na mwajiri wala benki yake: hutumika kiwango kilichowekwa kisheria au kutangazwa na mamlaka ya kodi kwa kipindi husika.

Tuchukue mkopo wa 1,200,000 bila riba, unaorejeshwa 100,000 kila mwisho wa mwezi kwa miezi 12, na riba ya soko iwe asilimia 12 kwa mwaka. Kwa mwezi hiyo ni asilimia 1. Mwezi wa kwanza mfanyakazi anadaiwa 1,200,000, hivyo manufaa yake ni 12,000. Mwezi wa pili anadaiwa 1,100,000, manufaa yanashuka hadi 11,000. Yanaendelea kushuka hivyo mpaka mwezi wa mwisho, ambapo salio ni 100,000 na manufaa ni 1,000. Ukijumlisha miezi yote unapata 78,000.

Kosa tunalolikuta zaidi ni la mhasibu kuchukua 1,200,000, kuzidisha kwa asilimia 12, kupata 144,000 na kuigawa kwa 12. Basi kila mwezi inasomeka 12,000 ile ile, hata pale deni linapokuwa limebaki robo. Kwa anayekatwa kodi ya asilimia 30, hiyo ni 43,200 badala ya 23,400. Karibu 20,000 zimemtoka mtu bila sababu, na inatuuma kwa sababu kulitambua ni rahisi: ikiwa mkopo unarejeshwa na riba ya soko haijabadilika, lakini manufaa kwenye hati za mshahara hayashuki, hesabu imekosewa.

Ziko nchi zinazoruhusu wastani wa salio la mwanzo na la mwisho wa mwaka. Kwa mfano wetu wastani ni 600,000, na manufaa yanakuwa 72,000. Tofauti ndogo na ile 78,000 ni ya njia tu, si kosa, ilimradi sheria yako inaikubali njia hiyo.

Usidhani kutoza riba kidogo kunamaliza suala. Ukimtoza mfanyakazi huyo asilimia 4 kwenye salio, pengo linabaki asilimia 8, na manufaa ya mwaka mzima yanakuwa 52,000. Vilevile riba ya soko ikibadilika katikati, badilisha kuanzia mwezi huo na usirudi nyuma. Ikipanda hadi asilimia 15 kuanzia mwezi wa saba, salio likiwa 600,000, manufaa ya mwezi huo ni 7,500 badala ya 6,000. Miezi sita ya mwanzo haiguswi.

Kosa la pili liko kwenye kuingiza mishahara. Manufaa haya yanaongezwa kwenye kipato kinachotozwa kodi, lakini hayalipwi. Mwenye mshahara wa 400,000 atakatiwa kodi kwenye 412,000 mwezi wa kwanza, huku malipo yake yakianzia kwenye 400,000 ile ile, kisha yatoke kodi na rejesho la 100,000. Tumewahi kufungua mafaili ya mteja tukakuta ile 12,000 imewekwa kama posho, na benki imeilipa kweli. Kwa hiyo mwezi mkopo unapoanza, linganisha jumla ya malipo kabla ya makato na ya mwezi uliotangulia. Ikiwa imepanda kwa kiasi cha manufaa, mstari umewekwa mahali pasipo pake.

Kabla ya kukokotoa, angalia mambo mawili kwenye sheria ya nchi yako. La kwanza ni nani anayelipa: mahali pengine kodi hii inamwangukia mwajiri mwenyewe, na kumkata mfanyakazi ni kumwonea. La pili ni msamaha, kwani mikopo midogo au ya muda mfupi huweza kuachwa nje kabisa. Na ukiamua kumsamehe mfanyakazi deni lililobaki, hapo kwa kawaida salio lenyewe linageuka kipato chake, siyo riba peke yake.

Ukituletea hesabu hii, njoo na mkataba wa mkopo na jedwali la marejesho yaliyofanyika kweli, pamoja na mwezi ambao alikosa kurejesha. Mwezi huo salio halikushuka, na manufaa ya mwezi uliofuata hayakushuka pia.