Bana Shingo Kwanza: Jinsi Tunavyochagua Vitunguu vya Kuweka Stoo

Mwezi Julai mama mmoja mwenye hoteli Kangemi alituletea neti 8 za vitunguu, jumla kilo 104. Alikuwa amevipata kwa bei nzuri na alitaka avitumie hadi Septemba. Kwa macho vilipendeza: vyekundu, vizito, vinang'aa. Ila shingo zilikuwa zimekatwa fupi sana, na nyingine bado zilikuwa na ukijani. Tukamwomba atuachie siku moja tuvipitie kimoja kimoja.

Kazi yetu huanzia shingoni kwa sababu ndiko uozo unakoingilia. Majani yakikatwa kabla hayajakauka, jeraha hubaki wazi, na kuvu huingia likishuka ndani polepole. Kwa wiki kadhaa kitunguu huonekana kizima kabisa. Ukija kukikata, tabaka za ndani karibu na shingo zimekuwa rangi ya kahawia na laini kama kitu kilichochemshwa. Ndiyo maana mteja hulalamika kwamba vitunguu "vimeoza ghafla", ilhali viliingia stoo vikiwa vimeshaanza.

Kupima ni rahisi. Shika shingo kwa kidole gumba na cha shahada, ibane, kisha isokote kidogo. Iliyokauka ni nyembamba, imejifunga, na inakwaruza kama karatasi. Ikiwa bado mbichi utahisi tabaka zinateleza ndani ya vidole. Kisha shuka chini kidogo ubonyeze mabega ya kitunguu. Bega likibonyea, usikiweke hata kwa siku mbili: kipeleke jikoni, kata sehemu mbovu na utumie iliyobaki ikiwa ni safi.

Shingo mbichi si zote zinazofanana, na hapa ndipo watu wengi hupoteza vitunguu vizuri. Iliyo nyembamba lakini ina unyevu inaweza kuokolewa: tandaza vitunguu safu moja juu ya wavu, kivulini, upepo ukipita juu na chini, kwa siku 7 hadi 14. Shingo nene kama kidole gumba haitajifunga hata ukianika mwezi mzima. Mara nyingi hutokana na mbolea ya naitrojeni iliyowekwa mwishoni mwa msimu, au kitunguu kung'olewa kabla hakijakomaa. Hicho pika mapema.

Baada ya shingo tunatazama maganda. Tunataka angalau mawili makavu, yasiyopasuka. Kitunguu kilichobaki uchi hupoteza maji na uzito haraka, hata kama hakiozi. Ukiona unga mweusi kama masizi chini ya ganda, ni ukungu. Ukiwa kwenye ganda kavu la juu tu, ondoa ganda hilo na ukitumie mapema. Ukiwa umeingia kwenye nyama, kitupe. Tafadhali usioshe vitunguu unavyotaka kuviweka.

Dalili za kuchipua ni ngumu kidogo, kwa kuwa huanzia ndani. Tunakata vichache kutoka kila neti, kwa urefu, kuanzia shingo hadi kitako. Chipukizi la kijani likiwa limepanda hadi karibu na shingo, neti hiyo haitadumu miezi miwili. Vijizizi vyeupe vinavyochomoza kitakoni ni ishara kwamba mahali vilipokuwa palikuwa na unyevu. Baridi ya Nairobi ya Juni hadi Agosti haisaidii: kitunguu huchipua upesi zaidi kati ya nyuzi 10 na 20 za Selsiasi, na ndiyo hali iliyopo katika stoo nyingi za kawaida huku.

Kitunguu saumu tunakipima vivyo hivyo, ila tunapasua punje moja. Chipukizi likizidi nusu ya urefu wa punje, kiuzwe au kitumike sasa. Na kama hakijamenywa, usikiweke kwenye friji: baridi ya humo hukiamsha, na ukikitoa kitachipua haraka.

Vitunguu vya yule mama viligawanyika hivi: kilo 61 za kuweka, kilo 29 za kuanika, kilo 11 za kutumia wiki hiyo, na kilo 3 za kutupa. Alisikitika kidogo, kwa sababu alidhani zote ni za kuweka. Tulimwandikia tarehe kwenye kila neti, tukamwomba azining'inize mahali penye hewa, mbali na jiko na mbali na viazi, na azikague kila baada ya wiki mbili.

Zile 29 zilikaa kwetu siku 10 juu ya wavu. Zilipimwa tena zikiwa kilo 27, maana maji yalikuwa yametoka. Kilo 22 shingo zilikuwa zimejifunga, akaziongeza kwenye neti za Septemba. Zile 5 nyingine zilikuwa za shingo nene, akazichukua siku hiyohiyo kwa kachumbari.