Gari la pili la barabara ya Bunyakiri: barua ya wazi kwa msimamizi wa ruzuku

Bukavu

Mama Msimamizi,

Jambo, na pole kwa kazi.

Jedwali la bajeti uliloturudishia mwezi uliopita lina mstari mmoja wenye rangi nyekundu. Tuliandika "Usalama, dola 9,000." Pembeni ukaandika: "Ni kubwa mno, haina maelezo, shusheni hadi 2,000." Nikiri mapema kwamba kwa namna tulivyouandika, ulikuwa na haki ya kuukata. Neno moja na namba moja, basi. Ningekuwa kwenye kiti chako ningeukata pia, pengine hadi sifuri.

Naandika hadharani kwa sababu mashirika madogo ya Bukavu na Goma yanakatwa mstari huohuo kila mwaka, na kila moja linanyamaza kwa kuogopa kupoteza mkataba. Acha nikuonyeshe kilichokuwa ndani ya ile 9,000.

Timu yetu ya lishe inatoka Bukavu, inapita Miti, inaingia msitu wa Kahuzi-Biega na kutokea upande wa Bunyakiri. Ni safari nne kwa mwezi, yaani 48 kwa mwaka. Ndani ya gari wanakuwa wauguzi wawili, mpimaji wa watoto na shofere. Katikati ya msitu simu haishiki kabisa. Mvua ikinyesha, lori moja likikwama linafunga njia kwa wote, na hapo saa zote mlizopanga ofisini hazina maana tena.

Mwaka wa kwanza wa mradi tuliomba gari la pili, likakatwa. Tukaenda na moja. Siku moja ya Oktoba, saa tisa alasiri, lilizama kwenye tope hadi ekseli. Shofere alitafuta mbao za kuweka chini ya magurudumu, akapata mbili, zote zikavunjika. Giza likaingia. Watu wenye silaha walitokea msituni, wakachukua simu, pesa za timu na sanduku la dawa. Shofere alichelewa kutoa ufunguo, wakamvunja mkono kwa kitako cha bunduki. Sisi tulipata habari saa kumi na mbili asubuhi kutoka kwa mwendesha piki aliyepita pale. Usiku kucha ofisi haikujua lolote, kwa maana hatukuwa na simu ya setilaiti wala mtu mwenye kazi ya kuuliza "mmefika?"

Tulisimamisha safari kwa wiki sita. Hesabu yake ni hii. Mishahara ya timu nzima ya mradi ilikuwa dola 7,400 kwa mwezi, kwa hiyo wiki sita zilimeza 11,100 bila mtoto hata mmoja kupimwa ng'ambo ya msitu. Matibabu ya mkono, ambayo hayakuwa na bima, tulichangishana. Gari la pili la kukodi, pamoja na shofere wake na mafuta, lingekuwa dola 120 kwa siku. Zidisha kwa siku 48, unapata 5,760. Gharama ya usalama ililipwa, Mama, tena karibu mara mbili. Ililipwa kupitia mstari wa mishahara, ambako hakuna anayetia rangi nyekundu.

Sikuambii kwamba gari la pili lingewafukuza wale watu. Ila lingekuwa na kamba ya kuvuta, na timu ingetoka msituni kabla ya jua kuzama. Wizi mwingi wa barabara hii huwakuta waliochelewa, na kuchelewa huanzia kwenye tope. Ndiyo maana nakasirika kidogo nikisikia "usalama" likitafsiriwa kuwa walinzi na kuta. Kwetu usalama mwingi ni kamba, tochi, na kurudi mapema.

Sasa, namna ya kuandika. Tangu uliporudisha jedwali lile tumeacha kuandika mstari wa jumla. Kila gharama inaandikwa chini ya shughuli inayoihitaji, ikiwa na hatari yake, hesabu yake, na kitakachotokea ikiondolewa. Gari la pili sasa linasomeka hivi katika maelezo ya bajeti: "Shughuli 1.2, kliniki tembezi. Gari la pili, siku 48 kwa dola 120, jumla 5,760. Hatari: kukwama au kuvamiwa sehemu ya msitu isiyo na mtandao. Likiondolewa, vituo vitatu vya afya vya ng'ambo ya msitu vinatoka kwenye mpango, pamoja na watoto 900 waliohesabiwa humo."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Ukilikata gari, unalazimika kukata na watoto 900 kwenye lengo la mradi, na hilo utalieleza kwa mkubwa wako. Zamani ulikata gari, watoto wakabaki kwenye jedwali, na pengo likajazwa na shofere.

Mahali pa kuuweka mstari nako kuna maana. Wahasibu wengi wanauweka kwenye gharama za uendeshaji, zile ambazo wafadhili wengi huzifunga kwenye asilimia 7. Humo tayari kuna kodi ya ofisi, umeme na mhasibu mwenyewe, kwa hiyo usalama unagombania makombo. Gari ambalo haliendi popote ila kliniki ni gharama ya kliniki. Mtu wa kufuatilia safari kwenye redio na simu, ambaye anahudumia miradi yetu mitatu, tunamgawa kwa idadi ya safari za kila mradi. Ukigawa kwa ukubwa wa bajeti, mradi mkubwa wa semina za mjini utalipia redio usiyoitumia, na mkaguzi atauliza kwa haki.

Hapo nafika kwenye neno lako "kubwa mno". Ulitulinganisha na mradi mwingine ambao usalama wake ni asilimia mbili. Sisi tulikuwa karibu asilimia tano ya dola 186,000. Lakini simu ya setilaiti haina bei ya shirika dogo. Inagharimu kilekile kwa mwenye dola laki moja na kwa mwenye milioni moja, na tope halimwulizi mtu ana bajeti kiasi gani. Ukitaka kutupima, gawanya gharama kwa safari. Dola 9,000 kwa safari 48 ni chini kidogo ya 190 kila safari, na humo mna magari, mawasiliano, bima na mafunzo ya huduma ya kwanza. Kipimo hicho kinaweza kutuumbua pia: mwaka tukiahirisha nusu ya safari, utaona mara moja tulichobakiza.

Jambo ambalo wenzangu hawatakwambia ni hili. Mstari wa wazi ukikatwa, gharama haifi, inabadilisha jina. Gari la pili linaitwa "usafirishaji wa vifaa". Muda wa maongezi wa setilaiti unaingia kwenye "mawasiliano ya ofisi". Mafuta yanaongezwa lita kadhaa. Bajeti inapita bila swali, kisha mwaka wa pili mkaguzi wa hesabu anakuta hati ya misheni yenye magari mawili na mkataba wenye gari moja, na pesa zinatangazwa kuwa hazikubaliki. Nimeona shirika moja la hapa likirudisha fedha kwa gari lililotumika kweli, lenye risiti kamili.

Kwa upande wetu kuna tusichopaswa kukuomba. Pesa zinazodaiwa kwenye bariera za njiani hazina risiti, wala hazifai kufichwa chini ya neno usalama; kuzilipa kunaongeza bariera. Wasindikizaji wenye silaha pia hatuwaombi, kwa kuwa anayeonekana na upande mmoja leo hatapokelewa kijijini kesho. Tunachoomba badala yake ni siku za mtu wa kwenda kuongea na machifu, wakuu wa vituo na yeyote anayeshika njia wakati huo, kabla ya timu kuondoka. Kazi hiyo ni ya mdomo na miguu, na haitokei vizuri kwenye jedwali. Tumeiandika siku mbili kwa mwezi, na ushahidi wake ni daftari la safari lenye safu ya safari zilizofutwa na sababu. Naomba safu hiyo usiisome kama uzembe.

Bima ndiyo iliyopata mkato wa haraka kuliko yote. Uliandika "wafanyakazi wa kitaifa: hapana". Lakini miongoni mwa wafanyakazi wa misaada wanaouawa, kujeruhiwa au kutekwa duniani, wengi mno ni wa kitaifa. Mnamo Novemba 2015 mahakama ya Oslo iliamua kwamba Baraza la Wakimbizi la Norwe lilifanya uzembe mkubwa kuhusu mfanyakazi wake aliyetekwa Dadaab mwaka 2012, na likaamriwa kumlipa fidia. Huyo alikuwa mgeni mwenye mahakama ya kukimbilia. Shofere wetu alikimbilia kikapu cha michango, na vidole viwili bado havikunji. Bima ya watu 14 ni dola 2,100 kwa mwaka.

Jambo la mwisho ni muda. Tathmini ya hatari tunayoambatisha ina tarehe, na hapa kwetu inazeeka upesi. Tarehe 22 Februari 2021, msafara wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ulivamiwa Kibumba, kaskazini mwa Goma. Waliuawa balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake Vittorio Iacovacci na shofere Mustapha Milambo. Barabara ile ilikuwa imeruhusiwa kupitwa bila kusindikizwa. Februari 2025 hapa Bukavu, mji ulipobadilisha mikono, bajeti zilizoandikwa Desemba zilikuwa zimekwisha kuwa karatasi za kale.

Kwa hiyo katika rasimu mpya kuna akiba ya dola 1,500, yenye masharti yaliyoandikwa. Inafunguka ikiwa kuna tukio la silaha kwenye njia yetu ndani ya siku saba, au ikiwa timu imelala nje siku mbili mfululizo. Inalipia kulala, chakula na kuwarudisha watu kwa njia nyingine. Tunakujulisha ndani ya saa 48, na isipoguswa inarudi kwako yote.

Rasimu hiyo utaipata kabla ya mwisho wa wiki. Neno "usalama" halina tena mstari wake. Utalikuta limetawanyika chini ya shughuli 1.2 na 1.3, kila mahali na hesabu yake. Ukiona namba isiyoeleweka, nipigie kabla ya kuikata. Jumanne na Alhamisi tu usinipigie kati ya saa nne na saa tisa, niko msituni.

Mratibu wa mradi wa lishe, Bukavu