Toazi lililofutika maandishi: tunavyojua jina, inchi na bei yake

Mwezi uliopita mweka hazina wa kwaya moja alituletea matoazi matatu ya dramu kwenye gunia la sukari: hai-hati mbili zinazong'aa kama kioo, na raidi moja iliyopauka, haina hata herufi ya wino. "Kaka, hizi hai-hati ndizo za maana," akasema. "Hilo kubwa ni la kuongezea tu." Mambo yalikuwa kinyume kabisa, na kwa kuwa swali hili tunaulizwa karibu kila wiki, leo tueleze tunavyolikagua toazi kuukuu kabla ya kutaja bei.

Tuanze na wino. Yale majina makubwa unayoyaona kwenye toazi jipya yamechapwa juu juu tu. Wazee wa kanisa wakileta dawa ya kung'arishia shaba, au akina mama wakisugua kwa majivu na limau Jumamosi jioni, jina linaondoka baada ya mara chache. Kisichoondoka kwa urahisi ni muhuri, yaani maandishi yaliyogongwa ndani ya chuma. Huo ndio tunaoutafuta.

Lile la kwaya halikuonyesha kitu kwa kulitazama hivi hivi. Tukazima taa, tukawasha tochi ya simu na kuilaza ubavuni, mwanga ukapita sambamba na uso wa toazi. Karibu na ukingo kikajitokeza kivuli cha maandishi. Tukaweka karatasi nyembamba juu yake, tukapitisha penseli kwa ubapa, kama watoto wanavyonakili sarafu. Likasomeka jina AVEDIS ZILDJIAN CO., chini yake mwandiko wa Kiarabu, kisha GENUINE TURKISH CYMBALS, MADE IN U.S.A.

Usishangae kuona Uturuki na Marekani kwenye chuma kimoja. Ukoo wa Zildjian ulianza kutengeneza matoazi Istanbul mwaka 1623, na kiwanda cha Marekani kikafunguliwa mwaka 1929 jimboni Massachusetts. Muhuri wa namna hii ni wa matoazi ya A, kundi la wapigaji wazoefu la kiwanda hicho. Kuanzia 1994 wameongeza namba ndogo iliyochongwa kwa leza. Kwenye raidi hii hatukuiona, ila chuma kilichosuguliwa hivyo hatukikadirii umri kwa kukosa namba peke yake.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Jina la Zildjian peke yake si bei. Kiwanda hicho hicho kimetoa matoazi ya wanaoanza, kama ZBT, na jina limeandikwa kubwa vilevile. Tofauti iko kwenye chuma. Matoazi ya A ni bronzi yenye shaba nyekundu asilimia 80 hivi na stani 20, huyeyushwa na kumiminwa moja moja. ZBT yalikatwa kwenye bamba lenye stani 8 tu. Hata hiyo nane tusiidharau kwa kuisikia: Paiste wa Uswisi wanatengeneza kundi liitwalo 2002 kwa bronzi ya stani 8, na hilo 2002 si toazi la mtu anayejifunza. Kwa hiyo tunatafuta jina la kundi kwanza, chuma baadaye.

Na zile hai-hati zinazong'aa? Wino wake ulikuwa mzima: Meinl HCS, inchi 14. Meinl ni Wajerumani wanaoheshimika, lakini HCS ni shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba na zinki, iliyokusudiwa kwa wanaoanza. Ukiigonga, sauti inatoka fupi na ya bapa. Wengine huja na sumaku kupima. Sumaku haishiki bronzi wala shaba ya njano. Ikishika, basi umeshika chuma cha kawaida kilichopakwa rangi. Zaidi ya hapo haikuambii kitu.

Inchi nazo zina namna yake. Ukipitisha futi kamba juu ya toazi, inapanda kile kinundu cha katikati na kukudanganya. Sisi tunalipindua juu ya ndoo, kinundu kikizama ndani, kisha tunavuta futi ikiwa imenyooka ukingo hadi ukingo kupitia usawa wa tundu. Inchi 20 ni sentimita 50.8, inchi 16 ni 40.6, inchi 14 ni 35.6. Matoazi ya zamani yanaweza kutofautiana milimita chache. Lakini ukipata sentimita 49 kwenye kitu kilichouzwa kama inchi 20, jiulize nani alikikata, maana fundi akiona ufa ukingoni huliviringisha toazi kwenye mashine na kuuondoa pamoja na chuma kinachouzunguka. La kwaya lilitoa 50.7. Kwenye mzani likatoa gramu 2,400 na kidogo, uzito wa raidi ya wastani ya ukubwa huo.

Kisha ufa, na hapa hatuna haraka. Niliwahi kununua toazi la krashi la inchi 16 usiku, dukani taa hafifu, nikalipa vizuri. Asubuhi nikaligonga polepole kwa ncha ya kidole kuzunguka ukingo, sehemu moja ikajibu kwa mkwaruzo, kama karatasi kwenye feni. Ufa ulikuwa umefuata mfereji mmoja wa ile mistari ya mviringo inayoachwa na mashine ya kuchongea, mwembamba kuliko unywele, upande wa chini. Siku hizi tunafanya hivyo kwanza: kidole kuzunguka ukingo, sikio karibu, kisha ukucha kupita upande wa chini, kisha tunaukunja ukingo kidogo sana kwa vidole gumba chini ya mwanga. Ufa ukiwa upo, unafunguka. Toazi lenye ufa hatununui kwa bei ya toazi. Ukiendelea kulipiga, ufa unatembea.

Raidi ya kwaya haikuwa na ufa. Ilikuwa na kasoro moja: tundu la katikati limelika upande mmoja na kuwa kama tundu la ufunguo. Hiyo hutokea pale stendi inapokosa kile kipira cha kuvika kwenye nondo, chuma kikasaga chuma. Sauti haijaharibika, lakini tundu likiachwa hivyo ndipo ufa wa katikati unapoanzia.

Basi hesabu. Raidi mpya ya A ya inchi 20, tukiiagiza na kulipia usafiri na ushuru, inatufikia kama shilingi 1,100,000. Kuukuu iliyo safi tunaiuza nusu, yaani 550,000. Tundu lililolika tukatoa 60,000. Kusuguliwa na kufutika wino tukatoa 40,000, kwa sababu mnunuzi asiye na muhuri wa penseli mkononi atasita. Ikabaki 450,000 ya kuuzia, nasi tukampa mweka hazina 350,000. Kungekuwa na ufa wa sentimita mbili, tungemwelekeza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Hai-hati tulimwambia azirudishe kanisani. Akazitazama, akatazama na ile raidi aliyokuwa ameifungia kwenye gunia. "Na hii raidi ndiyo niliyoisugua mwenyewe," akasema.

Ukitaka tukukadirie kwa WhatsApp, usitume picha ya toazi zima tu. Tuma karatasi ya penseli, futi kamba ikiwa juu ya ndoo, picha ya tundu kwa karibu, na sauti ya kidole ikizunguka ukingo. Na usilisugue kwanza.